Kesi ya shamba la ukoo Muleba: jaji alifuata sheria, au alichagua sheria ya kufuata?

wakili_kanyenye (Tabora)

Wakuu habari za jioni. Kuna kijana yupo ofisini kwetu hapa Tabora anafanya mafunzo kwa vitendo, ameniambia kwa kujiamini kabisa kwamba kazi ya jaji ni kuchukua kifungu, kuchukua ushahidi, kuviweka pamoja na hukumu inatoka yenyewe. Nikampa asome Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Amesoma, karudi, anasema ndo imezidi kumthibitishia. Mimi naona hukumu ile ile inampinga, nikaona niilete hapa maana wengine mnaijua kesi kwa jina tu.

Kisa chenyewe kifupi. Bi Holaria Pastory, Mhaya, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake, ndiyo kesho yake, ndugu wa ukoo Bernardo Ephrahim akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha wilaya ya Muleba, akitaka mauzo yafutwe kwa sababu kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na hakuwa anaotea, mila hiyo iliandikwa na serikali kwenye Tangazo la Serikali, yaani GN 436 ya 1963: mwanamke anaweza kupata ardhi ya ukoo kuitumia maisha yake lakini si kuiuza, isipokuwa kama hakuna mwanaume kwenye ukoo huo. Mwanaume yeye akiuza, wanaukoo wana nafasi ya kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi hela yake.

Kashasha walisema mauzo batili, mama arudishe 300,000. Mahakama ya Wilaya Muleba ikageuza, mauzo halali kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Ikaenda Mwanza kwa Jaji Mwalusanya, naye akakubaliana na Muleba.

Sasa angalieni kitu kimoja. Ngazi zote tatu zilikuwa na mama yule yule, shamba lile lile, GN ile ile na Katiba ile ile. Hakuna aliyebishana kuhusu kilichotokea. Kilichotofautiana ni jibu la swali linalotangulia yote: hii ni kesi ya NINI? Kwa Kashasha ilikuwa kesi ya ardhi ya ukoo. Kwa Mwalusanya, fungueni hukumu yake, sentensi ya kwanza kabisa inasema rufaa hii inahusu haki za wanawake chini ya Katiba. Ukishaisoma sentensi hiyo unajua mama ameshinda, kurasa zinazofuata zinakueleza njia. Na hakuna kifungu popote kinachomwambia jaji aiite kesi kwa jina lipi. Hapo ndipo wale Wamarekani wa rializimu, waliosema kifungu peke yake hakitoi hukumu, walipokuwa wanagonga, na nadhani walikuwa sahihi.

kijana_wa_sheria2

Shikamoo mzee. Mimi ndo huyo kijana hahaha, ila kwa heshima naomba nijitetee hapa hapa.

Mzee umeruka tarehe moja muhimu. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini zikawekewa miaka mitatu ya matazamio tangu zianze kutumika Machi 1985, kwa hiyo watu walianza kuzidai mahakamani Machi 1988. Mama kauza Agosti 1988. Yaani miezi mitano tu imepita! Kwa hiyo Kashasha walitumia sheria ya zamani kwa mazoea, Mwanza wakatumia iliyo juu. Ibara ya 13(4) inakataza ubaguzi, na kifungu cha 5(1) cha sheria ya mpito ya 1984 kinaiambia mahakama izisome sheria zilizokuwepo kwa marekebisho yatakayozifanya zikubaliane na Katiba. Katiba iko juu ya GN, basi. Mahakama moja imekosea na mbili zimepatia, sasa mkuu hapo moyo wa jaji umeingilia wapi?

MtotoWaUjiji

Kijana acha kujisumbua, majaji wanaamua wanavyotaka halafu wanatafuta vifungu vya kufunikia, ndo maana ya rializimu. Kuna utafiti ulifanyika Israeli ukaonesha majaji wakiwa wametoka kula wanaruhusu wafungwa 65 kwa 100, njaa ikianza kuuma inashuka mpaka karibu sifuri, wakila tena inapanda. Ushahidi gani zaidi unataka? Sheria ni tumbo la hakimu.

wakili_kanyenye (Tabora)

@kijana_wa_sheria2 marahaba mwanangu, hoja ya Machi 1988 ni nzito na ntairudia, wacha kwanza nimalizane na wa Ujiji.

@MtotoWaUjiji utafiti huo upo, ni wa 2011, ulihusu bodi za paroli. Lakini mwaka huo huo wenzao waliufuatilia wakaona mpangilio wa kesi haukuwa wa bahati nasibu: wafungwa wasio na wakili walikuwa wanasikilizwa mwisho mwisho kabla ya mapumziko, na asiye na wakili anakataliwa zaidi hata saa mbili asubuhi. Kwa hiyo huwezi kujua ni njaa au ni foleni. Mimi sikujengei hoja juu ya tumbo la mtu.

Na zaidi ya hapo, hao watu wa rializimu, wahalisia wenyewe, wengi hawakusema jaji anaamua anavyotaka. Jaji Hutcheson wa Texas mwaka 1929 aliandika wazi kwamba yeye jibu humjia kwanza kama hisia baada ya kuliwaza jambo muda mrefu, hoja anaziandika baadaye. Watu walishtuka. Lakini hakusema hisia hiyo inatoka hewani, ni hisia ya mtu aliyekaa miaka na kesi, anazijua sheria na anajua zinavyoumiza au kusaidia. Kesi nyingi zinazoingia mahakamani hazina utata wowote, mdaiwa kakopa hajalipa, unafunga jalada. Rializimu inaanza pale vifungu viwili vinapomwita jaji huyo huyo, kila kimoja upande wake, na vyote ni sheria halali.

Karani Mstaafu

Naongezea kitu mnachokisahau vijana. Nimekaa mahakama za mwanzo miaka mingi, Urambo na Nzega. Enzi hizo za akina Kashasha hakimu wa mwanzo hakuamua peke yake, alikaa na wazee wa baraza, na uamuzi ulikuwa wa kura za wengi. Wazee wawili wanaweza kumshinda hakimu. Sasa wazee hao ni akina nani? Ni wanaume wa pale pale kijijini, wenye mashamba, wenye mabinti walioolewa ukoo mwingine. Ukimuuliza mzee wa namna hiyo kama binti auze shamba la baba kwa mgeni hujamuuliza swali la sheria tu, umemuuliza shamba lake mwenyewe litakuwa la nani akishakufa.

Sisemi walikuwa wabaya. Nimewaona wazee wanalia kwenye kesi za wajane. Lakini walikuwa wanaziona kesi kutokea walipokaa. Hili halikuandikwa kwenye jalada, kwenye jalada tuliandika "kwa mujibu wa mila".

kijana_wa_sheria2

Mzee karani nakuheshimu sana, ila hiyo inaeleza kwa nini mahakama ya chini ILIKOSEA. Haioneshi kwamba hakuna jibu sahihi. Mtu akikosea hesabu kwa sababu ana usingizi, hesabu bado ina jibu.

MamaNeema_Kasulu

Jamani samahanini kuingilia, mimi si msomi wa sheria. Kwa hiyo mnasema mwanamke anaruhusiwa kuuza shamba la baba? Baba alifariki, mimi nalima kipande alichonipa akiwa hai, kijijini huku Kasulu, mihogo na maharage, sasa baba mdogo anasema ni la ukoo nitoke. Nilienda baraza la kata hatukuelewana, tukaenda baraza la ardhi la wilaya nimeshindwa. Hukumu imesomwa mwezi uliopita. Nifanye nini?

wakili_kanyenye (Tabora)

Pole sana mama. Yako ni tofauti kidogo na tunayojadili, lakini ni ya haraka kuliko yetu sote. Kutoka baraza la ardhi na nyumba la wilaya unakata rufaa Mahakama Kuu, na una siku 45 tangu siku ya uamuzi. Kesho asubuhi nenda kaombe kwa maandishi nakala ya hukumu na ya mwenendo, ubaki na kopi ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usisubiri mtu akupigie simu. Na nitafutie kitu kimoja: kwenye hukumu waliandika sababu gani ya kukushinda? Maneno yao yenyewe.

Nirudi kwa kijana. Unasema Katiba iko juu, basi jibu ni moja. Sawa, tuipime hiyo. Namna nzuri ya kujua kama ni sheria peke yake inayoamua ni kushikilia sheria ibaki pale pale, halafu ubadilishe waamuzi. Kama jibu linabaki lile lile umeshinda wewe. Sasa njoo 2006.

Wajane wawili wa Shinyanga, Elizabeth Stephen na Salome Charles, waume wamefariki, ndugu wa mume wamewatoa kwenye nyumba. GN 436 hiyo hiyo ya 1963, safari hii kanuni inayosema mjane hana fungu kwenye mirathi kama marehemu ana ndugu wa ukoo, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wakaenda Mahakama Kuu Dar es Salaam. Ibara ya 13 ipo. Kifungu cha 5 kipo. Hukumu ya Mwalusanya ipo, ina miaka 16, inafundishwa kila chuo. Mahakama ikakubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi. Ikakubali kabisa! Halafu ikakataa kuzifuta. Wakasema mila haibadilishwi kwa tamko la mahakama, wakigusa hii watafungua mlango kwa kila mila ya makabila yote nchini, njia ni kupitia halmashauri za wilaya zenyewe.

Hebu linganisha na 1968, Bi Verdiana Kyabuje dhidi ya Gregory Kyabuje, Wahaya tena, ardhi ya ukoo tena. Jaji alisema anawaonea huruma lakini kubadili mila si kazi ya mahakama, ifanyike kwingine. Kati ya 1968 na 2006 Katiba imeingizwa haki za binadamu nzima nzima, na jibu la 2006 linafanana na la 1968 kuliko la 1990. Kama maandishi ndo yanaamua, kwa nini maandishi mapya hayakusogeza kitu?

Dada Wakili KG

Nipo Kigoma mjini, nafanya kesi za mirathi na ardhi, naomba nimsaidie kijana maana ana hoja ambayo hajaifikia.

Kaka wa Kanyenye, hizo kesi mbili hazifanani kama unavyoziweka. Ya 1990 ilikuwa rufaa ya kawaida, mtu na mtu, shamba moja, jaji mmoja. Alichofanya ni kuisoma kanuni upya ili imalize ugomvi ule. Ya 2006 ilikuwa shauri la kikatiba chini ya sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ya 1994, majaji watatu, wanaombwa wafute kanuni kwa nchi nzima. Na sheria hiyo pamoja na ibara ya 30(5) zinairuhusu mahakama isifute papo hapo, iipe serikali au bunge nafasi ya kurekebisha. Kwa hiyo mtu wa fomalizimu, anayeamini kama kijana kwamba kifungu kinatosha, akiwa na akili anaweza kusema: maombi tofauti, nguvu tofauti, matokeo tofauti, bado tuko ndani ya sheria. Msimdharau kwa kumpa hoja nyepesi.

Kinachoniuma mimi kwenye ile ya 2006 ni kwamba nafasi hiyo ya kurekebisha walikuwa nayo na hawakuitumia. Wangeweza kusema kanuni ni batili, serikali chukueni muda fulani mrekebishe. Wakaishia kusema ni ya kibaguzi na kuwaacha wajane mlangoni. Rufaa ikaishia Mahakama ya Rufani 2010, ikatupwa kwa kasoro ya kiufundi kwenye nyaraka. Ndo wakaenda kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ikasema 2015 kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Miaka yote hiyo nyumba iko mikononi mwa watu wengine.

MtotoWaUjiji

Sasa dada si ndo hicho nilichosema? Walikuwa hawataki tu.

Dada Wakili KG

Hapana. "Hawataki" ni rahisi mno, na haikusaidii ukiwa mahakamani. Walikuwa wanaogopa kitu na hofu hiyo waliiandika. Waliona mahakama ikitoa amri ambayo vijiji havitaitii. Hiyo hofu si kifungu cha sheria lakini ndiyo iliyoamua. Ukijua hivyo unajua ulete nini: unaleta ushahidi kwamba watu wenyewe wameshaanza kubadilika, kwamba wababa wanaandika wosia kwa mabinti (kama baba yake Holaria mwenyewe!), unampunguzia jaji hofu. Ukiamini jaji ni mkaidi tu, utaleta nini?

wakili_kanyenye (Tabora)

Dada umesema vizuri, na tofauti ya aina ya shauri naikubali kwamba ipo. Ila nakataa kwamba ililazimisha. Sheria ya 1994 inaruhusu kuchelewesha, haiamuru kutofanya kitu. Mahakama ilikuwa na milango mitatu, ikachagua mmoja, na sababu ya kuchagua ule haimo kwenye maandishi ya mlango wowote.

Halafu angalieni ufundi wa Mwalusanya, hapa ndo napenda sana. Hakusema wanawake wauze watakavyo na ukoo upotee. Alisema kuanzia sasa mwanamke auze kwa masharti yale yale ya mwanaume. Maana yake haki ya kukomboa ilibaki: Ephrahim alipewa miezi sita, arudishe 300,000 kwa mnunuzi shamba lirudi kwenye ukoo, akishindwa ni la mnunuzi moja kwa moja. Kifungu cha 5(1) kinasema tu "kwa marekebisho", hakisemi marekebisho gani. Angeweza kuwanyima hata wanaume kuuza, usawa ungekuwepo pia! Alichagua marekebisho ambayo ukoo ungeweza kuyaishi. Mtu anayefanya hivyo anafikiria shamba, bei, wajomba na kesho yake, haangalii herufi peke yake.

Na anayemjua angetabiri. Miaka minne baadaye, kesi ya Mbushuu, alisema adhabu ya kifo ni ya kikatili na inapingana na Katiba, akaiondoa. Mahakama ya Rufani 1995 ikakubali naye kwamba ni ya kikatili, halafu ikairudisha kwa ibara ya 30(2), kwa manufaa ya jamii. Unaona? Wanakubaliana kwenye sheria, wanakubaliana kwenye ukweli, wanaachana kwenye swali la nani mwenye kuamua kwa niaba ya jamii. Jaji Holmes wa Marekani alisema 1897 kwamba sheria ni utabiri wa mahakama zitafanya nini. Wakili yeyote wa hapa, jalada likipangiwa jaji, cha kwanza anauliza "ni nani?" Kama maandishi yangekuwa yanatosha, swali hilo lisingekuwa na maana.

kijana_wa_sheria2

Mzee nakubali kwamba hukumu inatabirika zaidi ukimjua jaji. Lakini utabiri ni kwa wakili. Jaji mwenyewe akikaa kuandika hawezi kujiuliza "mimi ntatabirika kuamua nini". Anahitaji kitu cha kumwambia afanye nini, na hicho ni sheria. Rializimu inamwacha jaji bila kitu mkononi. Na hatari yake ni kwamba leo tunampenda kwa sababu ni Mwalusanya na mama kashinda. Kesho atakuja mwingine na moyo wake, aseme kesi hii ni ya heshima ya ukoo, tutamkatalia kwa nini?

Karani Mstaafu

Hapo kijana kagusa. Nimewaona wa namna hiyo pia.

Dada Wakili KG

Swali la kijana ni gumu na sidhani mzee wa Kanyenye amelijibu. Mimi jibu langu la nusu ni kwamba tutamkatalia kwa hoja, kwa sababu amelazimika kuandika. Mwalusanya aliandika njia yake yote, ndiyo maana leo tunaweza kubishana naye mstari kwa mstari. Sheria haimpi jaji jibu lakini inamnyima majibu mengi, asingeweza kumpa Ephrahim shamba bure bila kurudisha hela. Sasa kati ya majibu yaliyobaki kipi kinachagua kihalali, hapo sina uhakika kama wahalisia wenyewe walikubaliana.

MamaNeema_Kasulu

Nimepata nakala mwanangu kanisaidia kuisoma. Wameandika "shamba bishaniwa ni mali ya ukoo na mdaiwa kama binti aliyekwisha olewa hana haki ya kulimiliki kwa mila za eneo husika". Na kwamba baba hakuandika karatasi.

wakili_kanyenye (Tabora)

Asante mama, hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Hapo kuna sababu mbili, usiziache zichanganyike. Ya kwanza, ya binti aliyeolewa: sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, kifungu cha 20(2), inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali ni batili. Hiyo ni sheria ya Bunge, huhitaji hata kufika kwenye Katiba, na baraza halikuigusa kabisa. Ya pili, ya karatasi, ndiyo yenye hatari. Ukienda Mahakama Kuu wakaiona kesi yako kama kesi ya ushahidi wa zawadi, unaweza kushindwa hata kama sheria ya wanawake iko upande wako. Kwa hiyo sababu yako ya kwanza ya rufaa iwe ya 20(2), ya pili iwe kwamba umelima pale muda wote baba akiwa hai na mbele ya macho yake. Kama majirani wa mpakani walitoa ushahidi, angalia kwenye mwenendo kama maneno yao yameandikwa.

Dada Wakili KG

Mama niandikie inbox, nipo Kigoma, kuna kituo cha msaada wa kisheria naweza kukuelekeza. Hukumu ilisomwa tarehe ngapi hasa? Tuhesabu hizo 45.

kijana_wa_sheria2

Mzee, kumbe unamshauri apange sababu ili majaji waione kesi kwa jina fulani. Naelewa sasa ulichokuwa unasema kuhusu sentensi ya kwanza. Ila swali langu la huyo jaji wa kesho bado lipo mezani, silitoi.

wakili_kanyenye (Tabora)

Usilitoe. Tutaendelea nalo ofisini kesho, njoo na ile ya Mbushuu ya Mahakama ya Rufani, soma wanavyoeleza nani anaamua kilicho cha lazima kwa jamii, halafu uniambie hayo waliyatoa kwenye kifungu gani.